Panga kaya kwanza, ndipo uchore Lorenz

Wadogo zangu, madodoso ya Uyole yamerudi juzi tu, na tayari kuna mchoro wa Lorenz, ule wa mgawanyo wa kipato kuanzia maskini hadi tajiri, uliopanda juu ya mshazari wa usawa. Eti maskini asilimia 40 wana asilimia 70 ya kipato! Wangekuwa nayo, nani angewaita maskini?

1. Chukua kaya tano za wakulima wa viazi, za mfano tu, kila moja watu wanne. Kipato cha mwezi kwa maelfu ya shilingi ni 200, 500, 60, 90 na 150, jumla 1,000. Ukilimbikiza jinsi madodoso yalivyokuja, kaya mbili za kwanza zinakupa hiyo 70. Panga kuanzia wa chini, halafu limbikiza kwa asilimia: 6, 15, 30, 50, 100. Anzia sifuri.

Sasa lisome tumbo la mstari. Kwenye asilimia 60 ya kaya umelala 30 chini ya mshazari, kwenye 80 vilevile. Katikati unakwenda sambamba nao, kwa sababu kaya ya nne inapata wastani wenyewe, 200. Walio chini ya wastani mstari wao umelala kuliko mshazari. Anayeuzidi, mstari wake unasimama zaidi. Na ile 30 ni sehemu ya kipato ambayo ingebidi ihame ili wote walingane, yaani 300 za yule wa 500. Gini, kipimo cha ukosefu wa usawa, hapa ni 0.396.

2. Hili ndilo linalotuumiza kila mwaka. Kaya halisi hazina watu wanne wanne. Mwenye 500 akiwa na watu kumi, kwa kichwa ni 50. Mwenye 200 na mkewe tu, ni 100. Kwa hiyo panga kwa kipato cha kichwa, na mhimili wa chini uhesabu watu, si kaya. Ukipanga kwa jumla ya kaya, mstari utavunjika: kipande kinachofuata kitakuwa mlalo kuliko kilichotangulia, na mkunjo wa Lorenz hauna ruhusa ya kufanya hivyo.

Baya zaidi halionekani kwa macho. Unachagua safu ya kipato peke yake ili uipange, Excel inakuonya, wewe una haraka ya daladala, unabonyeza `Continue with the current selection`. Kipato kinajipanga, idadi ya watu inabaki ilipokuwa. Familia ya watu kumi imepewa pesa za jirani. Jumla ya watu iko sawa, jumla ya pesa iko sawa, hivyo ukaguzi wa jumla hautakuokoa. Chukua namba tatu za kaya, rudi kwenye karatasi, linganisha. Kitufe chako ni `Expand the selection`.

3. Usiulize kipato cha "mwezi uliopita" viazi vikiwa vimetoka shambani wiki hiyo. Aliyeuza jana ataonekana tajiri, ambaye zamu yake bado ataonekana fukara, na tumbo litavimba bure. Uliza mwaka mzima.