Karo Halijanyonywa Miaka 10? Usifurahi Haraka

Juzi msomaji mmoja aliniandikia kuhusu nyumba anayotaka kununua. Bei wameelewana, kilichobaki ni kusaini. Mwishoni akaongeza kwa furaha kwamba dalali amemhakikishia karo la choo ni imara, maana halijawahi kunyonywa tangu nyumba ijengwe, miaka 10 sasa. Niliposoma hapo nilimpigia simu saa hiyo hiyo. Maneno kama hayo niliwahi kuambiwa na mimi, tena kwa sauti ya kujisifu, na ndiyo yaliyonifanya niiache nyumba ambayo ndugu zangu walishaipenda.

Karo la kweli ni sanduku la zege au tofali lililopigwa plasta, lisilovuja. Maji machafu yakiingia hutulia. Vizito huzama chini vikawa tope, mafuta na vyepesi huelea juu vikafanya utando, na maji ya katikati hutoka kwa bomba kwenda shimo la kufyonzea. Wadudu waliomo hula sehemu ya tope, lakini hawalimalizi. Kwa makadirio ya kawaida, mtu mmoja huacha kama lita 40 za tope kwa mwaka.

Nyumba ile niliyoonyeshwa ilikuwa na watu sita. Karo lilikuwa na urefu wa mita 2, upana wa mita 1, na kina cha maji cha mita 1.5, yaani lita 3,000. Piga hesabu: watu sita huongeza lita 240 kwa mwaka. Tope na utando vikifika theluthi moja ya karo, yaani lita 1,000, ni wakati wa kuita gari la majitaka, na hapo inakuwa kama miaka minne. Kwa miaka 10 zingekuwa lita 2,400. Karo lile lilipaswa kuwa limeshiba tope hadi karibu na juu. Sasa kama halijajaa, tope limekwenda wapi?

Nikaomba mfuniko ufunguliwe. Dalali alicheka, akasema hajawahi kuona mnunuzi anayeanza na choo. Nilimwacha acheke. Tulisimama upande upepo unakotokea, bila sigara wala moto, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Hewa ya mle ndani inalipuka, na inaweza kumwangusha mtu mzima kwa pumzi chache. Usishuke kwenye karo kwa sababu yoyote, hata kama ni tupu.

Kitu cha kwanza kutazama ni usawa wa maji ukilinganisha na bomba la kutokea. Karo zima lenye watu ndani ya nyumba hukaa na maji yaliyogusa sakafu ya bomba hilo, hayazidi wala hayapungui. Yakiwa juu yake, njia imeziba au shimo la kufyonzea limekataa kunywa. Yakiwa chini, karo linavuja. Yale yalikuwa chini kwa zaidi ya urefu wa mkono.

Kisha nikachukua mti mrefu niliouzungushia kitambaa cheupe, nikauteremsha taratibu. Kwenye sakafu ya zege mti hugonga, unausikia mkononi. Ule haukugonga, ulizama kwenye kokoto na mchanga. Nilipoutoa, alama nyeusi ya tope ilikuwa fupi, haikufanana kabisa na kinyesi cha familia ya watu sita kwa miaka 10. Karo halikuwa na sakafu. Lilikuwa choo cha shimo lililofunikwa vizuri, na kila kilichoingia kilikuwa kinazama ardhini.

Kisima cha nyumba kilikuwa hatua chache kutoka hapo.

Hapa ndipo watu wengi hunibishia: “Mbona maji ya kisima ni meupe na hayanuki?” Vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havina rangi. Udongo huchuja maji machafu ukiwa mkavu kiasi, maji yanapopita polepole kati ya chembe zake. Ndiyo maana huhimizwa kuacha walau mita 1.5 hadi 2 kati ya kitako cha shimo na maji ya ardhini, na kama mita 30 kati ya shimo na kisima. Kwenye mchanga au miamba yenye nyufa hata umbali huo hautoshi. Kuchemsha kunaua vijidudu, sawa, lakini hakuondoi naitreti inayotokana na kinyesi, na hiyo ni hatari kwa kichanga anayekorogewa maziwa kwa maji hayo.

Dalali akaja na jibu lake: utamwaga sakafu ya zege, utachimba shimo jipya la kufyonzea, mambo yamekwisha. Nikamwomba anionyeshe pa kulichimba. Kiwanja kilikuwa mita 20 kwa 20. Kutoka pembe moja hadi pembe ya mkabala ni mita 28 tu. Hata ukiweka kisima kona hii na shimo kona ile, mita 30 huzipati, na bado hujahesabu shimo la jirani lililo nyuma ya ukuta. Kiwanja cha ukubwa huo hakibebi vyote viwili. Mwenye kukinunua lazima awe na maji ya bomba kwa matumizi yote, au aunganishwe kwenye bomba kuu la majitaka. Nyumba ile haikuwa na kimoja wala kingine.

Niliitwa mjuaji. Ndani ya familia nilisemwa kwamba natafuta visingizio vya kutonunua, na maneno hayo mpaka leo yananichoma. Lakini sikurudi nyuma, na ningeulizwa tena leo ningejibu vilevile. Mtu anakagua rangi ya ukuta, anapiga picha vigae, anajaribu kila swichi ya taa, halafu anashindwa kuomba mfuniko mmoja ufunguliwe kwa kuona aibu! Aibu hiyo watakuja kuilipia watoto kwa kuhara.

Ukiambiwa nyumba imeunganishwa na bomba kuu, usipokee kwa mdomo pia. Fungua chemba ya mwisho ya nyumba na ile ya barabarani, mwaga ndoo ya maji yenye rangi ya chakula chooni, uone yanatokea wapi. Yakitokea kwenye mtaro wa mvua, umeonyeshwa uongo. Tazama pia usawa: sakafu ya bafu ikiwa chini kuliko mfuniko wa chemba ya barabarani, siku bomba kuu likiziba uchafu wa mtaa utafumukia bafuni kwako kabla haujafurika barabarani.

Kuhusu msomaji wangu, tulikubaliana aende na fundi wake na mti wenye kitambaa. Nikamwonya juu ya jambo moja: akikuta karo jeupe, tupu, limenyonywa jana yake, asilihukumu siku hiyo. Watu sita wakitumia lita 80 kila mmoja humwaga lita 480 kwa siku, kwa hiyo karo la lita 3,000 hujaa hadi kwenye bomba la kutokea kwa siku sita au saba. Arudi baada ya wiki mbili, nyumba ikiwa bado ina watu, apime tena usawa wa maji. Na mpaka arudi, asitoe hata malipo ya awali.