Kwa nini umelipa 106,000 lakini deni limepungua 100,000 tu

Msomaji ameniandikia akiwa na hasira: amelipa rejesho la kwanza, lakini salio halikushuka kwa kiasi kile kile alicholipa. Anadhani ameibiwa. Huenda hajaibiwa. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemweleza kilichomo ndani ya rejesho.

Tuseme umekopa 300,000. Hizo fedha ulizopewa mkononi ndizo deni la msingi. Mkopeshaji anatoza asilimia 2 kwa mwezi; hiyo ndiyo riba, yaani malipo ya kutumia fedha zake. Mmekubaliana umalize deni ndani ya miezi 3, na huo ndio muda wa mkopo. Kiasi unachopeleka kila mwezi ndicho rejesho, nalo lina sehemu mbili: riba, na kipande cha deni la msingi.

Gawa 300,000 kwa miezi 3, kila kipande ni 100,000. Mwezi wa kwanza bado unadaiwa zote, kwa hiyo riba ni asilimia 2 ya 300,000, yaani 6,000. Rejesho linakuwa 106,000, lakini kinachopunguza deni ni ile 100,000 peke yake. Mwezi wa pili salio ni 200,000, riba 4,000, rejesho 104,000. Mwezi wa tatu riba ni 2,000, unalipa 102,000 na deni linaisha. Jumla umelipa 312,000.

Sasa shika hapa, maana ndipo wengi wanapoumia. Hesabu hiyo ni ya riba inayotozwa juu ya salio linalopungua. Mkopeshaji mwingine naye atakwambia asilimia 2, ila kila mwezi anaipigia kwenye 300,000 ya mwanzo, hata baada ya wewe kurudisha sehemu yake. Utalipa 106,000 mara tatu, jumla 318,000. Riba imepanda kutoka 12,000 hadi 18,000, ingawa asilimia iliyotajwa ni ile ile. Ukiipima kwa salio ulilokuwa nalo kweli, unatozwa karibu asilimia 3 kwa mwezi. Mimi naona mkopeshaji asiyetaja tofauti hiyo anamficha mteja jambo kubwa.

Na ukipeleka pungufu? Kwa kawaida riba hukatwa kwanza. Kwenye mkopo wa salio linalopungua, ukilipa 50,000 mwezi wa kwanza, 6,000 inakwenda kwenye riba na 44,000 ndiyo inayogusa deni. Salio linabaki 256,000, na riba ya mwezi wa pili inakuwa 5,120 badala ya 4,000. Hapo bado faini ya kuchelewa, kama ipo kwenye mkataba.

Kabla ya kutia saini, omba ratiba ya marejesho iliyoandikwa na usome safu ya riba kutoka juu kwenda chini. Kama deni la msingi linapungua kila mwezi lakini riba haishuki, unatozwa kwa deni la mwanzo.