Kigimbi kinanibana saa tisa usiku, naamka napiga kelele

"Wakuu, huu mwezi wa pili. Nimelala fofofo, ghafla kigimbi kinakaza kama jiwe, naamka nalia. Nasimama kutwa kazini, niko Arusha. Nina miaka 41. Ni ukosefu wa maji, au nina ugonjwa?"

Pole sana mkuu. Mimi nauza mitumba soko la Memorial hapa Moshi, nasimama kwenye sakafu ya saruji toka asubuhi mpaka jioni, na mwaka jana Juni na Julai hicho kitu kilinitesa mara tatu kwa wiki.

Tuanze na pale kinapokubana. Usinyooshe vidole vya mguu kwenda chini. Mwili unataka kufanya hivyo wenyewe, na ndivyo msuli unavyozidi kujikunja. Nyoosha goti, kisha vuta vidole vije upande wa uso wako. Mimi siufikii mguu nikiwa na maumivu, kwa hiyo kanga inakaa pembeni ya mto: naizungusha chini ya unyayo, karibu na vidole, navuta ncha mbili taratibu. Ndani ya dakika moja au mbili unasikia jiwe linalegea. Ukiweza kusimama, kanyaga kisigino chini kabisa, ila shika ukuta kwanza. Mama yangu aliruka kitandani gizani, nusura ajipigize kwenye kabati. Kesho yake kigimbi kitauma kama umepigwa, ni kawaida.

Sasa kwa nini usiku? Kwangu jibu lilikuwa kwenye blanketi. Baridi ya Juni unalala chali, blanketi zito umelichomeka chini ya godoro, linakandamiza vidole vielekee chini usiku kucha. Kigimbi kinakaa kimefupishwa, na msuli uliofupishwa na kuchoka ukishtuka kidogo tu unajikaza. Nilichomoa blanketi upande wa miguuni nikaliacha huru. Mabadiliko madogo, lakini niliona tofauti wiki hiyohiyo.

La pili ni kunyoosha kabla ya kulala. Simama ukitazama ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma. Goti la nyuma limenyooka, kisigino kimegusa sakafu, vidole vinatazama mbele. Egemea mbele mpaka usikie kuvuta kwenye kigimbi, siyo maumivu, uhesabu polepole mpaka 30. Mara tatu kila mguu. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuinua kisigino na kurukaruka, ikawa kazi bure. Utafiti wa Uholanzi wa 2012, kwa watu wazima wa zaidi ya miaka 55, uliona kubanwa kunapungua baada ya wiki 6 za kunyoosha kila usiku. Upo mwingine wa kabla ya huo ambao haukuona faida, kwa hiyo usitegemee kunyoosha kama dawa, lakini hakugharimu kitu.

Maji nayo. Ukweli ni kwamba kwa watu wengi wanaobanwa usiku, ukosefu wa maji siyo chanzo. Ila mimi nilikuwa najinyima makusudi, maana choo cha sokoni ni cha kulipia na kiko mbali, halafu jioni nafidia lita nzima mara moja na kuamka kukojoa. Sasa nakunywa nusu lita kabla ya saa sita, nusu nyingine mchana, na siku ya jua kali naongeza. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi unakuambia umechelewa. Kama umetoka jasho sana, pakiti moja ya ORS kwenye lita moja ya maji inatosha. Usiifanye kinywaji cha kila siku, hasa kama una presha.

Kwenye duka moja la dawa niliambiwa ninunue kwinini. Usikubali. Ilitumika zamani kwa tatizo hili, lakini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na chembe za kugandisha damu. Vidonge vya magnesiamu havijaonyesha msaada mkubwa kwa watu wazima wenye umri mkubwa.

Nenda hospitali ukiona mguu mmoja umevimba, una joto au wekundu, na maumivu hayaachii; hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda. Vilevile kama kigimbi kinauma ukitembea na kupoa ukisimama, hapo mishipa ya damu inapaswa kuangaliwa. Na kama unatumia dawa za presha za kukojoza au za kupunguza lehemu, mwambie daktari lini zilianza na lini kubanwa kulianza. Usiache dawa kwa uamuzi wako.

Ukijibu, sema pia unalala chali au ubavu, na unavaa viatu gani kazini.