Mara mbili ya nini? Kusoma regresheni ya ngazi bila kumdanganya msomaji

Ripoti yangu ya kwanza yenye regresheni ya lojistiki ya ngazi ilirudishwa na mama aliyesimamia mradi. Alikuwa amezungushia sentensi moja kwa kalamu nyekundu: "Waliopigiwa simu baada ya mafunzo wana uwezekano mara mbili zaidi wa kuridhika sana." Pembeni aliandika: "Mara mbili ya ngapi? Jedwali lako linasema asilimia 20 na asilimia 33."

Alikuwa sahihi. Mara mbili ya 20 ni 40, si 33. Kompyuta haikukosea hesabu, ila mimi niliitafsiri vibaya. Tangu siku hiyo nimekuta sentensi ya aina hiyohiyo katika ripoti na tasnifu nyingi, ndiyo maana nataka tuipitie namba kwa namba. Namba zenyewe nimezirekebisha kidogo ili uweze kuzifuata kwa kalamu na karatasi.

Tuliwauliza watu 280 waliomaliza mafunzo kama wameridhika, kwa skeli ya Likert yenye ngazi tano. Nusu yao walikuwa wamepigiwa simu ya kufuatilia, nusu hawakupigiwa. Majibu yalikuwa hivi:

| Jibu | Hawakupigiwa | Walipigiwa |
|---|---|---|
| Siridhiki kabisa | 14 | 8 |
| Siridhiki | 21 | 12 |
| Sina upande | 35 | 26 |
| Naridhika | 42 | 48 |
| Naridhika sana | 28 | 46 |
| Jumla | 140 | 140 |

Modeli ikatoa kizigeu cha 0.69 kwa simu. Ukikipandisha kwa `exp()` unapata 2.0, na mipaka yake ya asilimia 95 ni 1.3 hadi 3.1.

Hiyo 2.0 ni uwiano wa odi. Wanaobeti wanalijua neno hili, ila odi ya kwenye mkeka inakwambia utalipwa kiasi gani. Hapa odi ni hesabu nyepesi zaidi: idadi ya waliofanya jambo igawanywe kwa idadi ya ambao hawakulifanya. Miongoni mwa wasiopigiwa, 28 walisema "Naridhika sana" na 112 walisema mengine. Odi ni 28 kwa 112, yaani 0.25. Kwa waliopigiwa ni 46 kwa 94, yaani 0.49. Gawanya 0.49 kwa 0.25, unapata karibu 2. Kwa hiyo kilichozidishwa mara mbili ni odi. Asilimia yenyewe ilipanda kutoka 20 hadi 33, ambayo ni kama mara 1.65. Odi na asilimia hukaribiana pale tu jambo linapokuwa adimu, na kwenye skeli ya ngazi tano ni nadra upande unaotupendeza kuwa adimu.

Hapo nimeikata skeli chini ya "Naridhika sana". Modeli haikukata mahali hapo pekee. Skeli ya ngazi tano ina sehemu nne za kukatia, na kila mahali modeli inauliza swali lilelile: odi za kuwa juu ya mkato badala ya chini yake zinatofautianaje kati ya makundi mawili? Kata kati ya "Siridhiki" na "Sina upande". Wasiopigiwa ni 105 juu na 35 chini, odi 3. Waliopigiwa ni 120 juu na 20 chini, odi 6. Uwiano ni 2 tena. Ukifanya mikato yote minne kutoka chini kwenda juu unapata 1.83, 2.00, 2.04 na 1.96. Modeli inazichukua hizo nne na kuzifanya namba moja, na inafanya hivyo kwa sharti kwamba zinakaribiana. Sharti hilo ndilo linaloitwa odi sawia.

Sasa sentensi yangu ya awali inaonekana kuwa na kosa la pili: ilizungumzia ngazi ya juu kabisa peke yake, wakati 2.0 inahusu skeli nzima. Niliiandika upya hivi: "Odi za kutoa jibu la juu zaidi badala ya la chini, popote tunapoikata skeli, ni mara 2.0 kwa waliopigiwa simu ukilinganisha na wasiopigiwa (asilimia 95: 1.3 hadi 3.1)." Sentensi ni nzito kidogo, lakini haina uongo. Na kwa kuwa msomaji wa kawaida hawezi kuona picha ya odi kichwani, mara moja baada yake nikaweka asilimia: "Kwa makadirio ya modeli, wanaosema wameridhika au wameridhika sana ni asilimia 50 kwa wasiopigiwa na asilimia 67 kwa waliopigiwa." Siku hizi siandiki sentensi ya odi bila ya pili kuifuata.

Kuna tafsiri nyingine naikuta sana: "simu inapandisha kuridhika kwa ngazi 0.69." Hapana. Kizigeu kiko kwenye logi ya odi, hakiko kwenye ngazi za hojaji. Modeli hii tunaichagua hasa kwa sababu hatutaki kudai kwamba umbali wa kutoka "Siridhiki" hadi "Sina upande" ni sawa na wa kutoka "Naridhika" hadi "Naridhika sana". Ukishasema ngazi 0.69, umelirudisha dai ulilokuwa unalikwepa.

Ngazi za katikati nazo zina ujanja wake. Kizigeu chanya kinakuhakikishia kwamba ngazi ya juu kabisa imepanda na ya chini kabisa imeshuka. Za katikati zinaweza kwenda popote, kwa sababu zinapokea watu kutoka chini huku zikipoteza watu kwenda juu. Kwetu "Sina upande" ilishuka kutoka asilimia 25 hadi kama 19, na "Naridhika" ikapanda kutoka 30 hadi kama 33. Hayo huyasomi kwenye kizigeu, unaiomba modeli ikupe makadirio ya kila ngazi:

```r
library(MASS)
m <- polr(ridhaa ~ simu, data = d, Hess = TRUE)
exp(coef(m))
predict(m, data.frame(simu = c(0, 1)), type = "probs")
```

Ukiwa umeingiza vigezo vingine, kama umri au elimu, asilimia hizo zitategemea umri na elimu gani umeweka. Mimi hufanya hivi: nachukua watu wote kwenye data, najifanya hakuna aliyepigiwa, napata wastani wa makadirio. Kisha najifanya wote wamepigiwa, napata wastani mwingine. Hizo mbili ndizo naziandika, na kwenye sentensi ya odi naongeza "kwa watu wenye umri na elimu sawa".

Kabla ya kuandika chochote, hata hivyo, hakikisha unajua skeli inaelekea wapi. Hili liliwahi kunitoa jasho. Data ilikuja na majibu yakiwa maneno, nami nikayageuza kwa `factor()` bila kutaja mpangilio. R huyapanga kialfabeti: Naridhika, Naridhika sana, Sina upande, Siridhiki, Siridhiki kabisa. Tazama balaa lenyewe: skeli imepinduka, na juu ya hapo ngazi mbili za kuridhika zimebadilishana nafasi. `polr` haikulalamika, ilitoa kizigeu hasi chenye sura ya kuaminika, nami nikakaa nusu siku nikitafuta kwa nini simu zinawaudhi watu. Dawa ni kutaja ngazi mwenyewe ndani ya `factor()` kwa `levels =` na kuongeza `ordered = TRUE`.

Hata data ikiwa sawa, programu hazikubaliani juu ya alama. `polr` ya R na `ologit` ya Stata zimepangwa ili kizigeu chanya kimaanishe majibu ya juu zaidi. `PROC LOGISTIC` ya SAS, usipoiambia vingine, inapiga odi za kuwa upande wa chini, kwa hiyo 0.69 yetu ingetoka −0.69 na 2.0 ingekuwa 0.5. Yote ni kweli, ila sentensi zake zinakwenda pande tofauti. Kipimo changu ni jedwali ghafi kama lile la hapo juu. Kama waliopigiwa wamejaa ngazi za juu halafu sentensi yangu inasema kinyume, nimegeuza kitu mahali. Vigezo vikiwa vingi alama inaweza kugeuka kihalali, lakini hapo lazima uweze kueleza ni kigezo gani kimeigeuza.

Turudi kwenye sharti la odi sawia, maana huko ndiko namba moja inaweza kuficha habari yenyewe. Kwenye hojaji ileile kulikuwa na swali kama mtu angempendekezea mwenzake mafunzo. Modeli ilitoa uwiano wa 1.6, lakini mikato minne ilitoa 0.9, 1.1, 1.6 na 3.2. Simu haikuwagusa walioyachukia mafunzo. Iliwasukuma walioyapenda wayapende zaidi. Kuandika "mara 1.6 popote unapokata" kungekuwa uongo juu ya kila mkato isipokuwa mmoja, kwa hiyo niliripoti mikato yote minne, kila mmoja na mipaka yake.

Kuna jaribio la Brant, la mwaka 1990, linalopima kama mikato inatofautiana kupita bahati nasibu. Nalitumia, lakini siliachii uamuzi. Ukiwa na maelfu ya wahojiwa litakuonya kwa tofauti ya 1.9 na 2.1 isiyo na uzito wowote, na ukiwa na watu 80 linaweza kunyamaza mbele ya tofauti kubwa. Tazama mikato yenyewe kwanza. Angalia pia idadi kwenye ngazi za pembeni: ile 1.83 yetu imesimama juu ya watu 14 na 8 tu, na ingeyumba kama wawili watatu wangejibu vingine.

Limebaki neno moja, nalo yule mama alilizungushia kwenye rasimu ya pili: "iliongeza". Simu zilipigwa kwa wale waliopatikana, na mtu anayepokea simu ya waandaaji huenda alishawapenda kabla haijalia. Nililifuta, nikaandika "walikuwa na". Rasimu ya tatu haikurudi.