Sabuni ije kabla ya kachumbari: kwa mnaoanza kazi jikoni

Angalieni watu wanapokaa kula pilau. Kabla ya chakula linaletwa birika na beseni, maji yanamiminwa, kila mtu anasuuza vidole na mkono unaingia kwenye sinia. Wakishamaliza ndipo mmoja anaita, "Jamani, leteni sabuni." Anaitaka kwa sababu mkono umejaa mafuta na anajua maji matupu hayatayatoa. Hakufundishwa darasani, mkono wake wenyewe umemwambia.

Nimepika miaka 14, kwanza hotelini na baadaye kwenye jikoni za shule, na siku hizi napokea vijana wapya. Jambo la kwanza ninalowaonyesha ni kwamba yale mafuta yapo hata kabla ya kula, ila hatuyaoni.

Kiganja chenyewe hakitoi mafuta. Kinayapata unapojifuta jasho usoni, unapojipaka losheni, unapoweka sawa kilemba, unaposhika nyama, chupa ya mafuta au mpini wa sufuria. Yanatandaa juu ya ngozi kama utando mwembamba na kuingia kwenye mistari ya kiganja na pembeni mwa kucha. Vijidudu kutoka chooni, kwenye kuku mbichi au kwenye noti za sokoni hunasa humo. Ukimimina maji, yanapita juu ya utando ule kama yanavyopita juu ya sufuria ya maandazi kabla haijasuguliwa. Yanaondoka na vilivyokuwa juu juu tu, vilivyonata vinabaki.

Sabuni inafanya kazi kwa sababu ya umbo la chembe zake. Kila chembe ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaoyakimbia maji na kutafuta mafuta. Ukisugua, mikia mingi inajichomeka kwenye tone la mafuta huku vichwa vikibaki nje upande wa maji. Tone linazungukwa pande zote, linaachana na ngozi na kuelea, na kila kilichonasa ndani yake kinaelea nalo. Maji ya kusuuzia ndiyo yanayolibeba.

Hapo kuna jambo ambalo wapya wengi wanalielewa vibaya. Kwa bakteria wengi, sabuni ya kawaida kazi yake kubwa ni kuwang'oa, si kuwaua. Ndiyo maana kusuuza ni nusu ya kazi. Ukijipaka povu kisha ukalifutia kwenye aproni, umewahamisha tu. Baadhi ya virusi, kama vya mafua, vina koti la mafuta, na sabuni inalipasua koti hilo na kuviharibu kabisa. Lakini virusi vya rota, vinavyoharisha watoto wadogo, havina koti hilo. Hivyo navyo inabidi ving'olewe na kusombwa na maji.

Kuna utafiti uliotolewa mwaka 2011 ambao huwa nausimulia kila mara. Watu waliojitolea jijini London walishika vitasa na vyuma vya kushikilia kwenye maeneo ya umma. Kisha mara nyingine hawakunawa, mara nyingine walinawa kwa maji tu, na mara nyingine kwa maji na sabuni ya kawaida. Bakteria wa aina inayotokana na kinyesi walipatikana kwenye asilimia 44 ya mikono isiyonawiwa, asilimia 23 ya iliyonawiwa kwa maji, na asilimia 8 ya iliyonawiwa kwa sabuni. Kwa hiyo maji matupu si bure, yanapunguza karibu nusu. Lakini kwa mtu anayekatia watoto mia tatu saladi, nusu haitoshi.

Mnisikilize hapa, kwa sababu hili lilinikuta mimi. Nikiwa bado mgeni kwenye kazi hii, kwenye shule moja, siku ya sherehe nilipewa kukatakata kuku na kutengeneza kachumbari. Nilipomaliza kuku nilitia mikono kwenye ndoo ya maji, nikaisuuza, nikajifutia kwenye kanga na kuanza kukata vitunguu. Usiku ule na siku iliyofuata watoto kadhaa waliharisha. Kuku alikuwa ameiva vizuri, wali ulikuwa wa moto. Kilicholiwa kibichi ni kachumbari, na mikono iliyoikata ilikuwa yangu. Bado wale watoto nawafikiria kila ninapoona mtu anasuuza vidole kwenye ndoo.

Chakula kinachoingia motoni kinapata nafasi ya pili, kachumbari haipati. Kuku mbichi anaweza kuwa na salmonela, na nyanya uliyoishika kwa mkono wa kuku inakwenda moja kwa moja mdomoni mwa mtu. Kwa hiyo kama siku nzima una nafasi moja tu ya kunawa kwa umakini, iwe ile kati ya nyama mbichi na kitu kisichopikwa. Ile ya baada ya choo sihitaji kuitaja, hiyo mlikuja nayo kutoka kwa mama zenu.

Sasa muda. Mwezi uliopita alikuja binti mmoja, mchapakazi kweli. Nikamwambia akanawe, akaenda akarudi. "Mama, nimeshanawa." Nilikuwa nimemhesabia kwenye simu: sekunde nne, kwa sabuni. Sikumgombeza. Nilichukua kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia na nusu kijiko cha unga wa mkaa, nikamwambia ajipake mikono yote mpaka iwe myeusi kama ya fundi gereji.

Kwanza alinawa kwa maji matupu sekunde 20 nzima. Maji yalitiririka yakiwa na weusi kidogo, lakini mikono ilibaki vilevile na matone yakawa yanateleza juu yake. Akapaka sabuni, akasugua sekunde tano, akasuuza. Viganja viling'aa, akatabasamu. Nikamwambia ageuze. Vidole gumba vilikuwa vyeusi kuzunguka, katikati ya vidole kuna mistari, ncha zote zina weusi pembeni mwa kucha. Nikampa kitunguu na kisu nikamwambia akishike kama anakata. Alikishika kwa kidole gumba na ncha za vidole, palepale palipobaki weusi. Hakusema kitu, alirudi bombani mwenyewe.

Mara ya tatu alisugua sekunde 20, na mikono ikatoka safi isipokuwa chini ya kucha. Alikuwa amezifuga. Tukazikata, tukamaliza.

Hizo sekunde 20 ni za kusugua tu, mikono ikiwa na povu. Ukijumlisha kulowesha, kusuuza na kukausha, zoezi zima linafika sekunde 40 hadi 60, na huo ndio muda ambao Shirika la Afya Duniani linautaja. Muda unahitajika kwa sababu mbili. Mikia ya sabuni lazima ifike kwenye mafuta, na kusugua ndiko kunakoisukuma mpaka kwenye mistari na mikunjo. Ya pili ni kwamba mkono una sehemu nyingi kuliko tunavyodhani, na mwenye haraka huishia kwenye viganja.

Mimi nagawanya sekunde 20 mafungu matano ya sekunde nne nne: kiganja kwa kiganja, migongo ya mikono, katikati ya vidole, vidole gumba kwa kuvizungusha ndani ya mkono mwingine, mwisho ncha na kucha kwa kuzikwangua kwenye kiganja chenye povu. Waliozoea kutia udhu hawapati shida na fungu la tatu, vidole vyao vinajua njia. Hesabuni polepole, na siku za mwanzo mjipime kwa saa ya simu, maana mtu mwenye haraka hufika nne kabla ya sekunde mbili.

Kuhusu maji, lazima yatiririke. Beseni la watu wote ni kubadilishana vijidudu, na anayenawa wa mwisho anapata vya wenzake wote. Pasipo bomba, ndoo yenye koki au kibuyu chirizi kinatosha kabisa. Lowesha, funga, sugua, fungua, suuza. Wanaosema sekunde 20 zinamaliza maji ni wale wanaosugua huku bomba liko wazi. Wala msihangaike kuchemsha maji kwa ajili ya kunawa. Maji ya baridi yanatosha, na joto ambalo ngozi inalivumilia haliui vijidudu.

Sabuni nayo isiwape shida. Kipande cha sabuni ya mche kinafanya kazi, hata unga wa sabuni ya kufulia ulioyeyushwa kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye tundu kwenye kifuniko unafaa. Sabuni za bei kubwa zinazodai kuua bakteria hazijaonekana kuishinda ya kawaida kwa kunawa kwa kila siku. Mwaka 2016 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilizuia viambato 19 vya sabuni hizo, ikiwemo triklosani, kwa kukosa ushahidi huo.

Kuna mahali ambapo mtasumbuka, na mtadhani sabuni ni mbovu. Wenzetu wa Dar es Salaam wanaotumia visima vya maji ya chumvi wanalijua hili: unasugua, povu halitoki, unabaki na utando mweupe unaonata. Madini ya kwenye maji, hasa kalsiamu na magnesi, yanaikamata sabuni kabla haijafika kwenye mafuta. Hapo tumieni sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo inayavumilia madini vizuri zaidi, au wekeni ndoo ya maji ya mvua kwa ajili ya kunawa tu. Kipimo ni povu. Kama halijatoka, msianze kuhesabu sekunde.

Vitakasa mikono vya spiriti acheni kwa wenye mikono mikavu na safi. Mkono wenye mafuta ya kuku au unga wa chapati hauviruhusu kufika kwenye ngozi.

Mwisho kukausha. Mkono uliolowa hupokea na kuambukiza vijidudu kirahisi kuliko mkavu, na taulo moja linaloning'inia jikoni tangu asubuhi ni sawa na lile beseni. Jikoni kwangu kila mpishi ana kitambaa chake chenye fundo la rangi yake, kinafuliwa kila jioni. Sabuni nimeifunga kwenye wavu wa vitunguu, inaning'inia hatua mbili kutoka kwenye ubao wa kukatia. Ilipokuwa nje karibu na choo, kipande kimoja kilikaa wiki tatu. Sasa hakifiki siku tano.