Kiwanda cha sukari shambani, cha soda mjini

"Kwa nini viwanda vya sukari viko mbali kule Kilombero na Kagera, lakini soda wanatengenezea mijini?"

Muwa ndio unaoamua. Tani kumi za miwa zinatoa kama tani moja tu ya sukari, nani atalipia lori kubeba maji na makapi hadi Dar? Halafu muwa ukishakatwa sukari yake inaanza kupungua, ukilala siku mbili tatu juani kabla ya kusagwa mkulima anakatwa bei. Umeme nao unatoka humohumo: makapi yanachomwa kwenye boila, mvuke unazungusha mitambo. TPC ya Moshi hata inabaki na umeme wa kuiuzia TANESCO. Soda ni kinyume. Sehemu kubwa ni maji, na maji mjini yapo, kwa hiyo unaleta sukari na ladha, unajazia karibu na mnywaji.

— Acheni hizo, wanafuata vibarua wa bei rahisi tu.

Hapo umegusa nusu. Vibarua ni muhimu kweli, ila wakata miwa wengi wa Kilombero wanatoka mikoa mingine wakati wa msimu. Wao ndio wanaofuata kiwanda.

— Sisi miwa yetu ilibaki shambani masika, na kiwanda tunakiona kwa macho!

Pole. Mvua kubwa ikianza malori yanazama kwenye tope na kusaga kunasimama. Ukaribu hauokoi barabara mbovu.