Kazi zangu zilikuwa Featured, mlango umefungwa

Juzi kijana mmoja kaniandikia: "Dada, nimeweka kazi kumi na moja kwenye Featured ya LinkedIn, mbona hakuna anayenitafuta?" Featured ni ile sehemu ya wasifu wa LinkedIn unapoonyesha kazi zako. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Yalishanikuta.

Mwaka juzi niliomba kazi ya dizaini kwenye kampuni moja hapa Dar, nikakosa. Baadaye mtu wa ndani akaninong'oneza kwamba kazi zangu hazikufunguka. Nikabisha sana. Usiku nikachukua simu ya mdogo wangu, nikaingia kwenye wasifu wangu, nikabonyeza lebo ya asali ya Tabora, kazi ninayojivunia kuliko zote. Google Drive ikanijibu: "You need access". Kwangu ilikuwa inafunguka kila siku kwa sababu kompyuta ilikuwa na akaunti yangu. Miezi minane nimewaalika watu kwenye nyumba yenye kufuli! Bado inaniuma, sifichi.

Basi ukiweka linki ya Drive, nenda kwenye "Share", badilisha "Restricted" iwe "Anyone with the link", kisha ijaribu kwenye dirisha la Incognito, ambako akaunti yako haijaingia. Mimi siku hizi napandisha PDF yenyewe, inasomeka humohumo bila kumtoa mtu LinkedIn.

Halafu punguza. Kadi za Featured zimepangwa kwa upande, na kwenye simu mtu anaona ya kwanza na kipande cha ya pili. Hiyo ya tisa nani ataisukuma mpaka aifikie? Mimi nilibaki na tatu. Asali iko mbele. Inafuata makala niliyoandikia tovuti ya watu, nimeiweka kama linki, maana linki unaiandikia kichwa na maelezo yako. Posti ya kawaida inakuja na maneno yake ya mwanzo, na kama ulianza na "Habari za asubuhi wapendwa", ndiyo hayo.

Ile PDF ya asali awali ilikuwa picha moja nzuri ya chupa, basi. Picha haisemi ulifikiri nini, jamani, na anayeajiri analipia kufikiri. Sasa ina kurasa nne. Ya kwanza ni lebo ya zamani: karatasi ya kawaida, maandishi ya kahawia juu ya asali ya kahawia, ukiifuta chupa kwa kitambaa kibichi inachubuka. Ya pili, michoro mitatu aliyoikataa mteja na sababu zake. Ya tatu, lebo mpya ya plastiki yenye kidirisha cha kuonyesha rangi ya asali. Ya nne ni maneno ya mteja mwenyewe, niliyomwomba ruhusa kuyatumia. Kichwa cha kadi kilikuwa "Dizaini 2022 final". Nimekifanya "Lebo ya asali isiyochubuka".

Yule kijana nimemwomba linki zake kumi na moja. Nne zimenidai ruhusa.